Manukuu ya kompyuta yanapokula "ha": dhana potofu na ukweli kuhusu kukagua nakala kabla ya kutafuta na kukata klipu

Dhana: Sentensi ikisomeka vizuri, imeandikwa sawa.

Dhana hii ndiyo inayoumiza watu wengi, kwa hiyo nitakaa hapa kwa muda. Kompyuta inapogeuza sauti kuwa maandishi, tumezoea kutambua kosa lake kwa sababu linakera macho: neno lisilo na maana, jina lililovurugwa. Makosa ya namna hiyo hayanisumbui sana, kwani kila msomaji atayaona. La kuogopwa ni lile linaloacha sentensi safi kabisa yenye maana iliyogeuka.

Katika Kiswahili, ukanushi mara nyingi hubebwa na silabi moja mwanzoni mwa kitenzi. Sauti ya "h" ni nyepesi, na neno lililotangulia likiishia na "a", silabi hiyo humezwa. Chukua mfano wa kikao kilichorekodiwa ambapo mwenyekiti anasema: "Kwa sasa hatutaongeza ada mpaka mahesabu yakaguliwe." Akisema kwa kasi, "sasa" na "hatutaongeza" vinaungana, na kinachosikika ni "a" ndefu kidogo tu. Faili la manukuu linatoka hivi:

```
312
00:41:16,200 --> 00:41:19,800
kwa sasa tutaongeza ada mpaka

313
00:41:19,800 --> 00:41:22,100
mahesabu yakaguliwe
```

Hakuna neno lililokosewa tahajia. Anayetafuta "tutaongeza ada" atalipata, atalikata, na mwenyekiti atakuwa ameahidi jambo alilolikataa.

Habari njema ni kwamba si kila kitenzi kina hatari sawa. Kiambishi "-ja-" kwa kawaida huenda na ukanushi, kwa hiyo "hajalipa" ikipoteza "h" inabaki "ajalipa", na hapo kosa limejitangaza lenyewe. Vivyo hivyo "hatulipi": ikiliwa "ha" inabaki "tulipi", na ile "i" ya mwisho inakuonyesha kuna kitu kimepotea.

Wakati ujao hauna kinga hiyo. "Hatalipa" na "atalipa" zote ni sahihi kisarufi. Halafu kuna vitenzi vyenye asili ya Kiarabu, ambavyo mwisho wake haubadiliki katika ukanushi: kukubali, kujibu, kusamehe, kuruhusu. "Hatukubali" ikipoteza "ha" inakuwa "tukubali", yaani kukataa kumegeuka wito wa kukubaliana. "Haturuhusu" inakuwa "turuhusu". Vitenzi hivi ndivyo ninavyovisikiliza kwanza, pamoja na kila mahali penye "ni kweli" na "si kweli", kwa kuwa "si" nayo ni fupi na huponyoka kirahisi.

Maandishi yenyewe hukudokeza mahali pa kusikiliza. Rudi kwenye mfano wetu: "tutaongeza ada mpaka mahesabu yakaguliwe" ina walakini. Je, wataongeza, kisha waache kuongeza mahesabu yakishakaguliwa? "Mpaka" ya namna hiyo inadai kitenzi kilichokanushwa. Maneno kama "wala" na "kamwe" yana tabia ileile. Ukiyaona karibu na kitenzi kinachokubali, fungua sauti. Anza kama sekunde kumi kabla ya hapo, punguza kasi hadi 0.75, na usikilize bila kutazama maandishi. Jicho likishasoma "tutaongeza", sikio litasikia "tutaongeza".

Dhana: Andika neno kwenye kisanduku cha kutafutia, utapata kila mahali lilipotajwa.

Kitenzi cha Kiswahili hubadilika mbele na nyuma. Ukitafuta "tutaongeza" hutapata "haitaongezwa", "waliongeza" wala "ongezeko". Tafuta sehemu isiyobadilika:

```
grep -n -i -B2 'ongez' kikao.srt
```

Hiyo `-B2` inakuonyesha mistari miwili iliyo juu ya kila jibu, ambamo mna alama ya muda, kwa hiyo unakwenda moja kwa moja kwenye sauti. Mfano wa kutafuta makosa yanayojitangaza ni huu:

```
grep -n -i -E '\b(a|tu|wa)ja' kikao.srt
```

Utaletewa pia "ajali", "ajabu", "tujaribu" na "wajanja". Yaruke. Ukikuta "ajafika" au "tujapata", hapo pana "h" au "ha" iliyopotea, na msemaji huyo huenda ameidondosha kwingine pia, mahali ambapo haionekani.

Utafutaji unakwama pia sentensi inapogawanywa kati ya manukuu mawili. Katika mfano wetu huwezi kupata "mpaka mahesabu", kwa sababu maneno hayo yako kwenye mistari tofauti. Kwa kazi ya kutafuta, tengeneza nakala ya pili iliyounganishwa kuwa aya, yenye muda mwanzoni mwa kila aya, na faili la asili uliache kama lilivyo. Majina ya watu ni tatizo la peke yake: jina moja linaweza kuandikwa kwa namna tatu katika rekodi moja. Yasawazishe kabla hujaanza kutafuta.

Dhana: Mfumo wenye makosa machache kwa mia unatosha.

Kipimo kinachotumika sana huhesabu maneno yaliyobadilishwa, yaliyoachwa na yaliyoongezwa. Katika hesabu hiyo, "hatutaongeza" kuandikwa "tutaongeza" ni neno moja tu, uzito sawa na "mahesabu" kuandikwa "hesabu". Kipimo kinakueleza ukubwa wa kazi ya kusahihisha, si kama klipu yako inasema kweli.

Dhana: Palipo kimya, mfumo hauandiki kitu.

Huandika. Baadhi ya mifumo, Whisper ikiwamo, inaweza kubuni maneno juu ya muziki au ukimya, au kurudia sentensi moja mara nyingi mfululizo. Ukiona mistari inayofanana imefuatana, sikiliza kabla ya kuifuta, kwa maana mara nyingine kuna mazungumzo halisi yaliyofunikwa na marudio hayo.

Dhana: Alama ya muda ndiyo mahali pa kukata.

Muda wa manukuu umewekwa kwa ajili ya kusoma, na unaweza kuchelewa au kuwahi kidogo. Kidogo hicho kinatosha kabisa kula "ha" kwenye sauti yenyewe, na hapo hata anayesikiliza atadanganyika. Vilevile, ukianza klipu kwenye "tutaongeza" au "hatutaongeza" umeacha "kwa sasa", na kauli ya muda imekuwa msimamo wa kudumu. Anza kabla ya sentensi, malizia baada yake:

```
ffmpeg -ss 00:41:14 -to 00:41:24 -i kikao.mp4 kipande.mp4
```

Watu wengi huongeza `-c copy` ili kazi iishe haraka. Ukifanya hivyo video haisimbwi upya, na mkato hufuata fremu kuu iliyo karibu badala ya sekunde uliyoitaja. Kwa klipu ya maneno ya mtu, iondoe, kisha usikilize kipande kilichotoka, si rekodi ya asili pekee.

Dhana: Basi ni lazima kusikiliza rekodi nzima.

Hapana, inategemea matumizi. Nakala ya kutafutia inaweza kubaki na makosa madogo, mradi majina, tarakimu na vitenzi vya hatari vimekaguliwa. Kitakachokatwa na kunukuliwa hakina nafuu hiyo: kisikilizwe chote, neno kwa neno, pamoja na sentensi iliyotangulia na inayofuata. Weka alama kwenye sehemu zilizokwisha kukaguliwa, ili mwenzako asidhani faili lote limepitiwa.

Pakiwa na mahali ambapo sikio haliamui, mpe mtu wa pili asikilize bila kumwambia wewe umesikia nini. Mkitofautiana, andika [haisikiki vizuri] kwenye nakala, na sehemu hiyo msiikatie klipu.