Kabla hujasaini mkopo wa nyumba, ipandishe riba mwenyewe kwenye simu yako uone

Mi kazi yangu ni mikopo ya nyumba, hapa Moshi, na karibu kila anayekuja anauliza swali moja tu: "rejesho ni shingapi kwa mwezi?" Akiambiwa, anapiga hesabu ya mshahara, anaona inaingia, anataka kusaini. Rejesho lile limepigwa kwa riba ya leo, na wewe unakopa kwa miaka 15. Kwenye barua ya ofa, mara nyingi ukurasa wa pili au wa tatu, kuna kasentensi kanasema benki inaweza kubadilisha riba kwa kukupa taarifa. Kakiwepo, riba yako inatembea, hata kama afisa kwa mdomo kakwambia "usijali hii haibadiliki".

Juzi kati nilikaa na mke na mume, mke mwalimu, mume ana duka la spea za pikipiki maeneo ya Mbuyuni. Wanataka milioni 60 wamalizie nyumba kule Rau, riba asilimia 15, miaka 15. Ukiwa na Excel hata ya kwenye simu unaandika hivi (simu nyingine zinataka nukta-mkato badala ya koma):

```
=PMT(15%/12, 180, -60000000)
```

Inatoka kama 839,752, tuite laki nane na arobaini. Mshahara wa mwalimu unaoingia mkononi ni 1,150,000, duka mwezi wa kawaida linaleta 700,000, na matumizi yote ya nyumbani, chakula, ada, LUKU, maji, nauli, ni kama 780,000. Ukitoa vyote wanabaki na laki mbili na thelathini. Hapo kila mtu anatabasamu.

Sasa tukaipandisha riba. Watu wanapokosea ni kwamba wanaipandisha kuanzia siku ya kwanza kwa ule mkopo mzima, wakati riba huwa inapanda ukiwa njiani, na ukiwa njiani deni lako sio lile tena na miezi sio ile tena. Kwahiyo kwanza tafuta baada ya miaka miwili utakuwa unadaiwa shingapi, miezi iliyobaki ni 156:

```
=PV(15%/12, 156, -839752)
```

Inakuja kama milioni 57.5. Mwalimu akaniangalia, "yaani tutakuwa tumelipa milioni 20 halafu deni limepungua mbili na nusu tu?" Ndio, dada. Miaka ya mwanzo karibu yote ni riba, mtaji unaguswa kidogo sana, na ndio maana riba ikipanda mapema inauma kuliko ikipanda mwishoni. Halafu hilo deni lililobaki ndio unalipigia rejesho jipya:

```
=PMT(18%/12, 156, -57506000)
=PMT(20%/12, 156, -57506000)
```

Kwa 18 rejesho linakuwa kama 956,000, kwa 20 ni kama 1,037,000. Kwahiyo pointi tano zinakula karibu laki mbili kila mwezi, ile akiba ya laki mbili na thelathini inabaki elfu thelathini na kitu. Na hapo duka liko kawaida. Duka likishuka mpaka laki tano, hata ile riba ya 15 inawaachia kama elfu thelathini tu, na kwa 20 wanapungukiwa zaidi ya laki na nusu. Mi huwa napima vyote viwili kwa pamoja, riba juu na biashara chini, maana mambo yakibana huwa yanabana yote kwa mkupuo, na ukitaka kuwa mkali zaidi pima kwa mwezi wa ada, Januari.

Kwanini pointi tano na sio moja? Hapa kwetu riba ya Benki Kuu imekuwa tulivu, ilianza kutumika Januari 2024 ikiwa 5.5, ikaenda 6 mwezi wa nne mwaka huohuo, na wala riba ya mkopo wako haifuati ile pointi kwa pointi. Lakini vuka hapo Holili uingie Taveta, Benki Kuu ya Kenya ilikuwa 8.75 Januari 2023, Februari 2024 ikawa 13. Zaidi ya pointi nne kwa mwaka mmoja na kidogo. Mkopo wako ni wa miaka 15.

Mume akasema, "sasa si benki inaongeza miaka tu, rejesho linabaki lilelile?" Swali zuri sana hilo na ndio tumaini la wengi. Inawezekana, lakini ina dari, na dari lenyewe unalipata kwa kuzidisha rejesho mara 12 halafu unagawa kwa deni. Kwao ni 839,752 mara 12, gawa kwa 57,506,000, ni kama asilimia 17.5. Riba ikifika hapo, rejesho lote linaishia kwenye riba na mtaji hauguswi, ikipita hapo deni linakua huku unalipa! Kwa 18 riba peke yake ya mwezi ni kama 862,000, we unaleta 840,000, ongeza miaka hata mia haitaisha. Hata 17 tu, ambayo iko chini ya dari, miezi 156 inakuwa 250, karibu miaka 21 badala ya 13, na mwalimu wa serikali anastaafu akiwa na 60, benki gani itakubali.

Na cha ajabu dari hili halijali umekopa kiasi gani, linajali muda na riba uliyoanza nayo. Kwa 15, mkopo wa miaka 10 siku ya kwanza una dari la 19.4, wa miaka 15 una 16.8, wa miaka 20 una 15.8 tu, hata pointi moja huna. Ule muda mrefu unaosifiwa kwamba rejesho ni dogo ndio huo usio na pa kupumulia.

Wale wenzetu tuligeuza hesabu. Badala ya kuuliza milioni 60 rejesho shingapi, tukauliza laki nane na arobaini kwa riba ya 20 inabeba mkopo gani, ikaja kama milioni 48. Vigae na ukuta wa fensi vitasubiri. Rejesho la milioni 48 kwa 15 ni kama 672,000, wao wakaamua watalipa 840,000 kila mwezi duka likiruhusu, na likiyumba wanarudi kwenye 672,000 bila kuomba ruhusa ya mtu. Wakiweza hivyo mfululizo, na riba ikikaa palepale, mkopo unaisha kama miezi 101 badala ya 180.

Ila hapo uliza vitu viwili kabla ya kusaini: kulipa zaidi kuna faini? Na ile ziada inapunguza mtaji au inawekwa tu kama malipo ya mwezi ujao? Hiyo ya pili haikusaidii kitu. Ukishalipa ziada mara ya kwanza omba taarifa ya mkopo, angalia salio limeshuka kwa kiasi ulichoongeza, kama halijashuka rudi dirishani na barua, sio kwa maneno.