Sola wati 400, mafundi wawili, bei mbili

"Nimeomba bei ya sola ya nyumbani kwa mafundi wawili, wote wamesema paneli wati 400, ila mmoja kanipiga bei karibu mara mbili ya mwenzake, kwa nini?"

Wati za paneli ndo kitu cha bei rahisi hapo, tofauti kubwa iko kwenye betri. Tuanze na matumizi: taa sita za wati 9 kwa saa tano, tv ya wati 50 saa tano, kafriji kadogo kanakokula kama 600Wh, yaani wati mara saa, kwa siku, na simu, jumla inakaribia 1,200Wh, yaani uniti moja na kidogo kama unavyosoma kwenye Luku. Jua letu ukihesabu saa tano za nguvu na ukatoa upotevu kama asilimia 30, paneli ya wati 400 inakupa kama 1,400Wh, inatosha. Ila ipime paneli yenyewe kwa futi, mita moja ya mraba inatoa wati kama 200 tu, kwa hiyo ukiona kapaneli ka mita moja kameandikwa 400 hapo unaibiwa.

Sasa betri. Tuseme wa bei ndogo kakuwekea betri ya jeli ya 12V 200Ah, kwenye karatasi ni 2,400Wh, ila jeli ukiishusha chini ya nusu mara kwa mara inakufa mapema, so unatumia 1,200Wh tu. Mwingine kaweka lithiamu ya 12.8V 100Ah, inaonekana ndogo lakini unaweza kutumia asilimia 80 na zaidi, yaani 1,000Wh na kitu, kwa usiku mmoja hazipishani sana. Tuseme jeli ni laki sita na inaenda mizunguko 600 ya kujaa na kutumika, halafu lithiamu ni milioni moja na inaenda 3,000: gawa bei kwa uniti zote itakazotoa mpaka ife, jeli inakuja kama shilingi 830 kwa uniti, lithiamu kama 325. Hesabu hiyo mwambie fundi akufanyie mbele yako, na garanti aiandike.

Inveta nayo usiangalie wati tu. Friji likiwaka linavuta mara tatu mpaka tano ya wati zake kwa sekunde chache, na zile inveta za bei chee zinatoa umeme usio laini kama wa gridi, mota inaguna na inapata moto, friji halidumu.

Kwenye ufundi wengi wanabana kwenye waya. Inveta ya wati 1,000 kwenye 12V ikifanya kazi full inavuta zaidi ya ampea 80, waya wa betri kwenda inveta unatakiwa uwe mfupi na mnene, kama milimita 25 za mraba, na fyuzi yake karibu na betri. Kabla hujammalizia fundi hela yake washa kila kitu nusu saa halafu shika huo waya na vichwa vya betri, ukisikia moto mwambie abadilishe.