Nafasi ya picha: kuigeuza skripti ya video kuwa makala ya maelekezo

Nafasi ya picha ni maandishi mafupi yanayowekwa ndani ya makala pale ambapo picha ya skrini itaingia baadaye. Ni agizo kwa atakayeipiga: skrini iwe katika hali gani, kipi kionekane, kipi kifichwe. Ukiandika "picha hapa" peke yake hujaagiza kitu.

Haja yake huonekana zaidi unapogeuza skripti ya video kuwa makala, kwa sababu msemaji wa video huonyesha kwa kidole. Tuchukue video inayowafundisha wenye nyumba za wageni Lamu kutunza orodha ya vyumba kwenye Google Sheets. Wakati wa Maulidi orodha hurefuka, na ukishuka chini vichwa vya safu (jina, simu, chumba, kuingia, kutoka) hupotea juu. Skripti inasema:

"Sasa njoo hapa juu, shuka mpaka hii, halafu chagua ya pili. Umeona? Sasa hata ukishuka, haiondoki."

Kwenye video maneno hayo yanatosha. Kwenye karatasi hayamfikishi mtu popote. Kazi ya kwanza, basi, ni kupigia mstari kila "hapa", "hii", "pale" na "umeona". Kila "hapa" na "hii" huwa jina kamili la kitufe, kama linavyosomeka kwenye skrini. Kila "umeona" ni tokeo, na tokeo lazima lielezwe kwa maneno kabla ya kufikiria picha. Tena mahali hutangulia kitendo, ili msomaji ajue atazame wapi kabla hajaambiwa abonyeze nini:

1. Kwenye menyu ya juu, bonyeza `View`.
2. Sogeza kielekezi juu ya `Freeze`, kisha bonyeza `1 row`.
3. Shuka chini ya jedwali. Mstari wa vichwa unabaki juu, na chini yake pana mchirizi mnene wa kijivu.

Maelekezo haya yanajitosheleza hata picha zikikataa kufunguka kwa mtandao hafifu, au msomaji akiwa hasomi kwa macho. Hicho ndicho kipimo chetu: picha huja kuthibitisha, haiji kubeba hatua ambayo maneno yameshindwa kuieleza. Kwa hiyo si kila hatua inahitaji picha. Hatua ya 1 haihitaji. Ya 2 inahitaji, maana menyu ndani ya menyu humchanganya mgeni wa kompyuta. Ya 3 pia, kwa kuwa ndiyo ithibati kwamba mambo yamekwenda sawa.

Nafasi zake ziandikwe hivi:

```
[[PICHA-01: Menyu ya View iko wazi, Freeze imefunguka pembeni.
Fremu nyekundu kwenye "1 row". Kata: kona ya juu kushoto tu.]]

[[PICHA-02: Jedwali limeshushwa; chini ya mstari wa 1 unafuata
mstari wa 40. Majina yawe "Mgeni 1", "Mgeni 2". Safu ya simu
iwe tupu.]]
```

Tazama PICHA-02 kwa makini. Picha ya jedwali ambalo halijashushwa haithibitishi chochote, kwa kuwa mstari wa kwanza huwa juu kwa vyovyote. Ni ule mruko wa namba, kutoka 1 hadi 40, unaoonyesha kwamba vichwa vimegandishwa. Mpiga picha asiyeambiwa hivyo atapiga mara tu baada ya kubonyeza, na picha itakuwa safi lakini haina faida. Yale majina nayo yasemwe mapema: orodha halisi ina namba za simu za wageni, na kufunika kwa ukungu baadaye ni rahisi kusahau.

PICHA-01 ina tatizo lake. Menyu huweza kujifunga punde unapobonyeza kwingine ili kupiga. Kwenye Windows, programu ya Snipping Tool ina chaguo la kuchelewesha upigaji. Weka sekunde 3, bonyeza `New`, kisha fungua menyu na uiache wazi.

Kosa jingine huanzia kwenye video yenyewe. Ikiwa ilirekodiwa kwenye kompyuta, makala iseme hivyo mwanzoni, maana kwenye programu ya simu menyu ya `View` haipo mahali hapo, na wengi huko Lamu, Shela na Mkomani, watasoma kwa simu. Maelekezo ya simu yaandikwe kando, na picha zake. Ukichanganya njia mbili katika hatua moja, hakuna atakayefika.

Namba za nafasi ziendane na majina ya faili, `picha-01.png` kwa PICHA-01. Ukiongeza picha katikati, iite 01b. Ukianza kubadilisha namba zote, picha ya hatua moja itaishia chini ya hatua nyingine. Kabla ya kuchapisha, tafuta `[[PICHA` ndani ya makala nzima. Ikibaki hata moja, msomaji atalikuta agizo la mpiga picha badala ya picha.