Kosa la i na y katika Kicheki haliko masikioni

Wiki hii mzazi mwingine ameniambia kwamba mwanawe angesikiliza vizuri zaidi, asingekosea i na y katika imla ya Kicheki. Shauri hili nimelisikia mara nyingi mno kwa Waswahili wenzangu wanaolea watoto huku, nalo linawaonea watoto, kwa kuwa i na y katika Kicheki sanifu cha leo hutamkwa kwa irabu ileile moja. Kinachosikika, pale kinaposikika, ni konsonanti iliyotangulia.

Kanuni ni fupi: baada ya konsonanti ngumu, yaani h, ch, k, r, d, t na n, huandikwa y, baada ya zile laini, yaani ž, š, č, ř, c na j, huandikwa i. Nyingi kati ya hizi ni za kukariri tu. Kundi la b, f, l, m, p, s, v na z lina orodha zake za maneno, na leo siligusi.

Taabu iko kwenye d, t na n. Hizi zina wenzao laini, ď, ť na ň, ila mbele ya i alama ile haiandikwi, na i yenyewe ndiyo inayotangaza ulaini. Mwanafunzi wangu mmoja alitakiwa kuandika „hodiny“, yaani saa, akaandika „hodyni“. Mama yake aliona ni uzembe, kumbe mtoto alisikia sawasawa kabisa. Silabi ya katikati ina d laini, ulimi ukiwa umelala kwenye kaakaa, karibu na j yetu, ya mwisho ina n ngumu, kama ya „nina“. Alichokosea ni kuandika kwa desturi ya Kiswahili, ambamo y ndiyo inayolainisha, kama katika „nyanya“. Kicheki hufanya kinyume: „ny“ yao husomwa kama „ni“ yetu, na „ni“ yao husomwa „nyi“. Nilimtaka atamke kila silabi peke yake, na akisikia n ya „nyanya“ aandike i. Neno lililofuata lilikuwa „nikdy“, yaani kamwe, ambalo husikika „nyigdi“, naye akaliandika bila kosa.

Hata hivyo, njia hii ina mpaka. Maneno ya kigeni huandikwa kwa i huku konsonanti ikibaki ngumu, kama „politika“, „titul“ na hata „diktát“, ambalo ndilo neno lenyewe la imla. Hapa bado sijaridhika na ufundishaji wangu. Nikiyataja mapema, watoto huanza kuandika „dím“ badala ya „dým“, yaani moshi, nikiyachelewesha, huandika „dyktát“ juu kabisa ya ukurasa, tena kwa kufuata kanuni niliyowafundisha mimi.