Bando la GB 1 limeisha na simu ulikuwa hujaishika, limekwenda wapi?

Kwa watu wanaotoka simu ya kitochi kuja simu janja, hakuna swali tunaloulizwa zaidi ya hili. Mtu kanunua simu Kariakoo mchana, usiku kaweka bando, asubuhi meseji inamwambia limeisha, anaanza kulaumu mtandao umemuibia. Makosa ya hesabu yapo sikatai, ila kwa simu mpya mara nyingi mlaji yumo humo humo ndani ya simu.

Fikiria LUKU. Umenunua yuniti, mita inahesabu umeme unaopita, haijali taa kawasha nani wala kama friji inanguruma wewe umelala. Bando ndo hivyo hivyo. Intaneti haikai ndani ya simu, simu inaongea na mnara kwa mawimbi, mnara unapeleka kwenye mitambo ya kampuni yako, na pale kwenye mitambo ndo mita ilipo, halafu safari inaendelea kwa nyaya mpaka kwenye kompyuta iliyohifadhi ile video au picha unayotaka. Iwe iko hapa hapa Dar au Ulaya, mita haihesabu umbali, inahesabu uzito wa kilichopita, yaani MB.

Tofauti na LUKU ni moja tu, huku mita inahesabu kwenda na kurudi. Unachopokea kinakatwa, unachotuma nacho kinakatwa.

Sasa tupige hesabu ya usiku mmoja. Mama wa Mbagala kaweka GB 1, hiyo ni MB 1024. Ile simu ilikaa dukani miezi, apu zilizokuja nayo zote zimepitwa na wakati, kwahiyo ikipata intaneti tu na hakuna aliyeizuia, Play Store inaweza kuanza kuziapdeti kimya kimya. Tuseme apu kumi, kila moja MB 40, hapo MB 400 zimekwenda na yeye hajagusa kitu. Kabla ya kulala kaangalia TikTok dakika 45, video ya kawaida ikitembea kwa kasi ya megabiti moja kwa sekunde inakula kama MB 7.5 kwa dakika, ikiwa safi zaidi inakula zaidi, basi weka MB 338. Kwenye grupu la kikoba kafungua video kumi za MB 15, hizo 150. Halafu kamtumia dada yake wa Tanga video nane za harusi za uzito huo huo, 120 nyingine, hizi ndo watu wengi hawazihesabu kabisa wanasema mi nilituma tu sikudownlodi kitu. Jumla MB 1008. Zimebaki 16, hata asubuhi hazifiki.

Na meseji za maandishi alizochati usiku ule? Karibu na bure, meseji moja ni KB chache na inabidi ufikishe KB 1024 ndo upate MB moja. Kwahiyo kujibana usichati wakati video zinajiplei zenyewe hakuokoi kitu.

Usibishane na mtu kabla hujaangalia simu yenyewe. Nenda Settings, tafuta Data usage (kwenye simu nyingi iko ndani ya Network & internet, Samsung wameiweka Connections), utaona kila apu imekula kiasi gani. Gusa apu moja, kuna Foreground, hiyo ni wewe ukiitumia, na Background, hiyo inakula ukiwa hujaifungua. Google Play Store ikiwa juu kabisa kwenye orodha, umeshapata jibu. Namba za simu na za kampuni haziwezi kulingana MB kwa MB maana kila mmoja anahesabu kwake, ila kama simu inasema 300 na kampuni inasema 1024 kwa muda ule ule, piga picha ya skrini uende nayo huduma kwa wateja, hapo una hoja.

Kuzuia sio kazi. Fungua Play Store, gusa picha yako juu kulia, Settings, kisha Network preferences, Auto-update apps, chagua Over Wi-Fi only. WhatsApp nayo nenda Settings, Storage and data, When using mobile data, toa tiki zote, kuanzia hapo picha na video haziingii mpaka uziguse. Ipo pia Data Saver kwenye simu, inabana apu nyingi zisile nyuma ya pazia, ila ukiiwasha usishangae baadhi ya meseji kuchelewa kuingia mpaka ufungue apu. Hata hivyo usizime apdeti kabisa, ndani yake kuna viraka vya usalama. Ukipata wai-fai ya ofisini au kwa ndugu, ifungue Play Store mwenyewe uziapdeti zote hapo.