Kampuni iliyolala na kampuni hewa, unazijuaje?

Watu wengi wanaoagiza magari au mashine Uingereza, wakishaiona kampuni kwenye rejista ya Companies House, ofisi ya serikali inayosajili kampuni huko, na pembeni pameandikwa "Active", wanatulia na kutuma hela. Jamani, hilo neno linamaanisha tu kampuni haijafutwa, halisemi kama inauza kitu au la.

Kampuni iliyolala imesajiliwa kihalali, ila kwa mwaka mzima wa hesabu haijauza, haijanunua, haijalipa mshahara wala pango. Vinavyosamehewa ni vitu kama ada za rejista, faini ya kuchelewesha hesabu na hela ya hisa za waanzilishi. Kulala sio kosa, wengine wanashikilia jina tu. Kampuni hewa ni ile ambayo nyuma ya karatasi hakuna biashara, na balaa linaanza pale inapojifanya inayo.

Tuseme umetumiwa proforma ya trekta, wanasema wapo sokoni tangu 2012. Ingia kwenye rejista, ni bure, tafuta kwa namba ya kampuni maana majina yanafanana, halafu fungua "Filing history". Kweli imesajiliwa 2012, lakini kila mwaka wamepeleka "Accounts for a dormant company", yaani hesabu za kampuni iliyolala, na ukifungua pdf unakuta mizania ni paundi 100, mwaka juzi 100, mwaka jana 100, haisogei. Halafu miezi minne iliyopita mkurugenzi wa zamani kajiuzulu, siku hiyohiyo kaingia mwingine, jina likabadilishwa na anwani ikahamishwa. Yaani mtu kanunua kampuni iliyolala ili ajipatie umri wake. Kwangu mimi hiyo ndo dalili nzito kuliko zote, maana karatasi za kampuni yenyewe zinakana wanachokwambia.

Anwani inayotumiwa na maelfu ya kampuni nayo ni ya kuangalia, ila peke yake haitoshi, wapo wafanyabiashara wadogo wa kweli wanaokodi anwani hizo. Na namba ya aina ya biashara kampuni inajichagulia yenyewe: 99999 ni ya kampuni iliyolala, lakini kuandikwa "inauza mashine" hakuthibitishi kitu.

Rejista nayo ina mipaka yake. Kampuni mpya inaweza kukaa hadi miezi 21 bila kupeleka hesabu za kwanza, na baada ya hapo inapewa miezi 9 tangu mwaka wake wa hesabu uishe, kwa hiyo unachosoma ni cha zamani kidogo. Halafu kampuni ndogo mara nyingi hazionyeshi mauzo, hapo angalia kama madeni, stoki na hela benki vinapanda na kushuka mwaka hadi mwaka, maana biashara inayotembea lazima iviguse.

Kama hesabu bado hazijatoka, omba namba yao ya VAT uihakiki kwenye gov.uk, na akaunti ya kulipia iwe kwa jina la kampuni hiyohiyo. Wakikupa akaunti ya mtu binafsi au ya kampuni nyingine, usilipe.