Pete ya kung'ata na "homa ya meno": tangazo liseme nini?

Swali: Nina duka dogo la vitu vya watoto huku Kadutu, Bukavu. Nimeleta pete za kung'ata za watoto wanaoota meno. Aliyeniuzia kwa jumla anasema niandike kwenye WhatsApp kwamba zinazuia homa na kuhara. Ni sawa?

Jibu: Hapana, mama. Pete inampa mtoto kitu cha kung'ata ufizi unapomsumbua, basi. Meno ya kwanza hutoka mara nyingi karibu na miezi 6, na wakati huohuo kinga aliyoipata kwa mama yake inapungua, naye anaanza kutambaa na kutia kila kitu mdomoni. Ndiyo maana kuhara na meno vinakutana. Joto likifika digrii 38, meno si maelezo: mtoto apelekwe kituo cha afya, apimwe malaria. Kinachonitia hofu ni mzazi atakayeamini tangazo lako na kungoja nyumbani siku mbili.

Swali: Umri niandike upi? Kwenye pakiti nyingine kuna uso wa mtoto na 0-3, umekatwa kwa mstari mwekundu.

Jibu: Hapo wauzaji wengi hukosea. Namba hizo ni miaka, si miezi. Alama hiyo inakataza kumpa mtoto aliye chini ya miaka 3, mara nyingi kwa sababu kuna kipande kidogo kinachoweza kumkaba. Kitu hicho usikiuze kama pete ya kung'ata hata kidogo. Pete yenyewe huandikwa mfano 4m+, yaani kuanzia miezi 4. Nakili kilichoandikwa. Pakiti ikiwa haina umri, usibuni.

Swali: Na kuisafisha?

Jibu: Inategemea pete. Ya silikoni nzima huoshwa kwa sabuni na maji safi, na kama pakiti inaruhusu, huchemshwa. Yenye maji ndani haichemshwi, maana maungio yake hufunguka. Wala haiwekwi kwenye frisa, kwani ikiganda inaumiza ufizi. Friji ya kawaida inatosha. Mwambie mnunuzi aivute na kuikunja kila mara kabla ya kumpa mtoto: ikiwa na ufa, inavuja au imemeguka, itupwe.

Swali: Basi niandikie mfano.

Jibu: Kwa ile ya silikoni yenye 4m+, kama pakiti inaruhusu kuchemsha:

"Pete ya silikoni ya kung'ata, kuanzia miezi 4 kama pakiti inavyosema. Ioshe kwa sabuni na maji safi kabla ya kutumia mara ya kwanza, kisha kila siku, inaweza kuchemshwa. Ikague kila mara, ikiwa na ufa itupe. Mtoto aitumie mtu mzima akiwa karibu. Usiifunge shingoni kwa kamba. Si dawa: mtoto akiwa na homa au akihara, mpeleke kituo cha afya."

Sentensi ya kamba usiiondoe hata ukitaka kufupisha. Kamba shingoni inaweza kumnyonga mtoto akiwa amelala.